Ukubwa wa Kosa Hukuonyesha Waya: Hotuba kwa Wanafunzi wa Elektroniki

Ndugu wanafunzi wa mwaka wa pili, walimu wenzangu, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu asubuhi hii ili kuja kukaa nasi, habari za asubuhi. Wazee mlioketi mbele, shikamoni.

Nimekuja na bredibodi hii. Ina chipu mbili tu. Moja ni 74LS283, inayojumlisha namba mbili za biti nne. Nyingine ni 74LS86, yenye mageti manne ya XOR. Hapa kuna swichi nane za kuingizia namba A na namba B, swichi moja niliyoiandikia herufi M, na taa tano ndogo za kusomea jibu. M ikiwa 0, bodi inajumlisha. M ikiwa 1, bodi inatoa.

Walio karibu watazame taa. Nimeweka A kuwa 8 na B kuwa 1, M iko 0. Tunatarajia 9. Taa zinasema 1011, yaani 11. Nabadili B iwe 2, tunatarajia 10. Taa zinasema 1000, yaani 8. Sasa nageuza M iwe 1 ili bodi itoe. 8 kutoa 1, taa zinasema 7. 8 kutoa 2, taa zinasema 6. Yote mawili sahihi.

Kwa hiyo bodi hii inajua kutoa na haijui kujumlisha. Hitilafu nimeitia mwenyewe jana usiku, nayo ni waya mmoja tu. Nataka tukiondoka hapa kila mmoja wenu aweze kuutaja waya huo kwa kutazama majibu peke yake, kabla hajashika kipimo chochote. Tuanze na hesabu ya shule ya msingi.

Chukueni kalamu. Nataka 73 kutoa 28, lakini nawakataza kutoa. Mnaruhusiwa kujumlisha tu. Fanyeni hivi: kila tarakimu ya 28 ibadilisheni kwa kile kinachoipungukia kufika 9. Ile 2 inakuwa 7, ile 8 inakuwa 1. Tumepata 71. Sasa jumlisheni 73 na 71, mnapata 144. Ongezeni moja: 145. Futeni ile 1 ya mbele, ya mamia. Imebaki 45. Na 73 kutoa 28 ni 45.

Hakuna uchawi hapa. 71 ni 99 kutoa 28. Mlipoongeza moja, 99 ikawa 100. Kwa hiyo mlichofanya ni 73 kutoa 28, kisha mkajumlisha 100, na ile 100 mkaifuta mwishoni. Shikeni sana ile moja mliyoongeza, kwa maana bila hiyo mngefuta 100 wakati mlichoongeza ni 99 tu, na jibu lingepungua moja: 44. Mazungumzo yangu yote ya leo yanaizunguka moja hiyo.

Wazo hili ni la zamani kuliko umeme wa majumbani. Blaise Pascal alianza kuunda mashine yake ya hesabu mwaka 1642, ili kumsaidia baba yake aliyekuwa akishughulikia kodi huko Rouen, Ufaransa. Magurudumu ya mashine ile yalizunguka upande mmoja tu, kwa hiyo yaliweza kujumlisha lakini hayangeweza kurudi nyuma. Pascal akaandika kwenye kila gurudumu tarakimu pamoja na kile kinachoipungukia kufika 9, akaweka kibao cha kusogeza kinachofunika safu moja na kufunua nyingine. Mtu aliyetaka kutoa alisogeza kibao, kisha akaendelea kuzungusha magurudumu upande uleule wa kujumlisha. Mimi kila nikiigusa swichi hii ya M nakikumbuka kibao kile.

Turudi kwenye biti. Kwenye namba za biti nne, tarakimu kubwa kabisa ni 1, na namba kubwa kabisa ni 1111, yaani 15. Kile kinachoipungukia 0 kufika 1 ni 1, na kinachoipungukia 1 kufika 1 ni 0. Maana yake, kazi tuliyoifanya kwa kalamu ya kutafuta kinachopungua kufika 9, huku ni kugeuza kila biti tu. Namba B ikigeuzwa biti zote inakuwa 15 kutoa B. Tukijumlisha A, kisha tukaongeza moja, tunapata A kutoa B, jumlisha 16. Na hiyo 16 haina nafasi ndani ya biti nne. Inatokea kwenye mguu wa kubeba, ule unaowasha taa ya tano, na biti nne zinabaki na jibu letu.

Ile moja inayotoka nafasi moja kwenda nyingine tunapojumlisha, ambayo shuleni tulifundishwa kuibeba, mimi nitaiita mbebo. Chipu ya 74LS283 ina mbebo wa kuingia kwenye mguu wa 7, ambao karatasi ya maelezo inauita C0, na mbebo wa kutoka kwenye mguu wa 9, unaoitwa C4. Wengi tulipoiona chipu hii mara ya kwanza tuliuliza: biti ya kwanza haina jirani wa kuume wa kuipa mbebo, sasa C0 ni ya nini? Ni ya kuunganishia chipu nyingine, na tutafika huko. Lakini pia ndiyo mlango wa ile moja yetu. Ukiipa C0 thamani 1, umeongeza moja kwenye hesabu nzima bila kununua kijumlishi cha pili.

Limebaki swali la kugeuza. Tunataka kitu kinachopitisha biti ya B kama ilivyo tunapojumlisha, na kuigeuza tunapotoa. Geti la XOR ndilo hilo. Jibu lake ni 1 pale viingilio vyake viwili vinapotofautiana. Mkono mmoja upe B, mwingine upe M. M ikiwa 0, jibu ni 1 pale tu B ni 1, basi B imepita salama. M ikiwa 1, jibu ni 1 pale B ni 0, basi B imegeuzwa. M ni kama mtu aliyeshika geti na kuamua B ipite wima au ipite kichwa chini.

Sasa tazameni uzuri wake. Tunapotoa, tunahitaji mageti yageuze, na tunahitaji moja ya kuongeza. Tunapojumlisha, hatuhitaji kugeuza, wala hatuhitaji moja. Mahitaji mawili yanakwenda pamoja siku zote. Basi waya uleule wa M unaokwenda kwenye mageti manne tunaurefusha hadi C0. Hiyo ndiyo saketi nzima. Tuifanyie kazi 7 kutoa 5. B ni 0101, ikigeuzwa inakuwa 1010.

```
   0111    A = 7
 + 1010    B = 5, imegeuzwa
 +    1    M kwenye C0
 ------
 1 0010    C4 = 1, jibu 2
```

Hapo pana jambo linalowasumbua wanafunzi kila mwaka, nami sitaki kulipita haraka. Taa ya tano, ya C4, imewaka. Mwanafunzi anakuja kwangu akisema: mwalimu, 7 kutoa 5 hakuna kukopa, mbona taa ya mbebo inawaka? Inawaka kwa sababu ni ile 16 tuliyoiongeza. Ikionekana, maana yake A ilitosha kutolewa B. Isipoonekana, 16 imeliwa, yaani tumekopa. Jaribuni 5 kutoa 7: 0101 jumlisha 1000 jumlisha 1 ni 1110, na C4 ni 0. Kwa hiyo wakati wa kutoa, C4 ikiwa 1 hatukukopa, na ikiwa 0 tumekopa. Taa hiyo inasomwa kinyume cha mnavyotarajia.

Waliotengeneza mikroprosesa za chipu moja waligawanyika kwenye jambo hilihili. Chipu ya 6502 ya mwaka 1975 iliacha mbebo kama unavyotoka kwenye saketi, ndiyo maana mwandishi wa programu zake lazima aandike SEC, kuweka mbebo kuwa 1, kabla ya SBC ya kwanza, ile amri ya kutoa. Anaitia kwa mkono wake ile moja ambayo hapa M inaitia. Intel, kwenye 8080 ya mwaka 1974, waliugeuza mbebo wakati wa kutoa ili 1 imaanishe tumekopa. Njia zote mbili ni halali, lakini anayehama kutoka moja kwenda nyingine bila kujua hili ataandika ulinganisho unaojibu ndiyo mahali pa hapana.

Sasa tuingie kwenye hitilafu, ambazo ndizo zilizonifanya nikubali mwaliko huu.

Tuanze na C0. Mtu ameunganisha M kwenye mageti yote manne, akasahau waya wa kwenda mguu wa 7. Nini kitatokea? Wengi watasema kutoa kutakosea. Kwenye familia ya LS, kiingilio kilichoachwa hewani husomeka kama 1. Basi C0 yake ni 1 siku zote. Akitoa, anapata jibu sahihi kabisa, kwa sababu alihitaji moja na moja ipo. Akijumlisha 3 na 4 anapata 8. Kila jumla imezidi moja. Kinyume chake, aliyefunga C0 kwenye ardhi, kama alivyozoea alipokuwa akijenga kijumlishi cha kawaida, atapata 3 na 4 ni 7, lakini 7 kutoa 5 ni 1. Kila tofauti imepungua moja, kama ile 44 yetu ya mwanzo.

Kwa hiyo ukiona kosa ni la moja daima, bila kujali namba ulizoingiza, usihangaike na mageti. Nenda mguu wa 7. Kosa likiwa kwenye kujumlisha, waya uko hewani. Likiwa kwenye kutoa, umefungwa ardhini. Na kama umetumia familia ya HC badala ya LS, kiingilio cha hewani hakina msimamo: jibu hubadilika ukisogeza mkono karibu na bodi. Hilo nalo ni ishara tosha.

Tatizo la pili liko kwenye swichi ya M yenyewe, nalo limepoteza jioni nyingi za watu. Mwanafunzi ameunganisha swichi kwenye volti 5, na chini ameweka rezista ya kiloomu 10 kwenda ardhini, ili swichi ikizimwa M ishuke hadi 0. Bodi inatoa vizuri, lakini haijumlishi hata kidogo: kila anachofanya ni kutoa. Anabadilisha swichi, hakuna mabadiliko. Sababu ni kwamba kiingilio cha LS kikishushwa husukuma mkondo mdogo kutoka ndani ya chipu, sehemu ya miliampea. Hapa tuna viingilio vitano kwenye waya mmoja. Mkondo wao ukipita kwenye kiloomu 10 unaipandisha volti, na M haishuki kamwe hadi kiwango cha 0. Chukua multimita, pima M swichi ikiwa imezimwa. LS inahitaji iwe chini ya volti 0.8 ili iisome kuwa 0. Ukikuta volti moja na ushee, hitilafu ni rezista. Dawa yake ni kugeuza mpango: rezista iende juu kwenye volti 5, na swichi ndiyo ishushe M moja kwa moja hadi ardhini.

Kuna jingine la haraka kwa mafundi wenye droo za chipu za zamani. 7483 inafanya kazi ileile ya 74283, ila miguu yake imepangwa tofauti. Umeme wake unaingia mguu wa 5 na ardhi ni mguu wa 12, wakati 74LS283 ina umeme kwenye 16 na ardhi kwenye 8. Usiichomeke moja mahali pa nyingine.

Sasa biti nane. Hapa nitawasimulia yaliyotupata sisi, tukiwa wanafunzi watatu wa kundi moja. Tulichukua 74LS283 mbili na 74LS86 mbili. Chipu moja ilibeba biti nne za chini, nyingine biti nne za juu. M tukaipeleka kwenye mageti yote manane. Tulipofika kwenye C0 tukasema: chipu ni mbili, C0 ni mbili, M iende kwenye zote. Tukaiacha C4 ya chipu ya chini bila kuiunganisha popote.

Tukajaribu. 20 na 10, taa zikasema 30. 37 kutoa 5, zikasema 32. 46 kutoa 12, zikasema 34. Tukafurahi, tukaandika ripoti. Siku ya kuonyesha kazi, mwalimu akaweka 32 kutoa 5. Bodi ikasema 43.

Nilisimama pale nikiwa sielewi. Mwalimu hakutukemea. Alituuliza swali moja: kosa ni kiasi gani? Jibu sahihi ni 27. 43 kutoa 27 ni 16. Akasema, tafuteni waya wenye thamani ya 16. Akaenda zake kwenye meza ya kundi jingine.

Waya wenye thamani ya 16 ni mmoja tu: mbebo unaotoka chipu ya chini kwenda chipu ya juu. Tufuate hesabu yenyewe. 32 ni 0010 juu na 0000 chini. 5 ni 0000 juu na 0101 chini. Chipu ya chini inafanya 0000 jumlisha 1010 jumlisha 1, inapata 1011, yaani 11, na C4 yake ni 0: imekopa. Ilipaswa kuiambia chipu ya juu kwamba imekopa, yaani kuipa 0 kwenye C0 yake. Lakini sisi tuliipa M, ambayo ni 1. Basi chipu ya juu ikafanya 2 kutoa 0 ikapata 2 kamili, kana kwamba hakuna aliyekopa kwake. 2 mara 16 ni 32, na 11, ndiyo 43.

Na zile hesabu zetu tatu zilipitaje? Ziangalieni. 37 kutoa 5: biti za chini za 37 ni 5, na 5 kutoa 5 haikopi. 46 kutoa 12: chini ni 14 kutoa 12, haikopi. 20 na 10: chini ni 4 na 10, jumla 14, haivuki 15, hakuna mbebo. Bila kujua tulichagua namba ambazo hazikugusa mpaka kati ya chipu mbili. Tungejaribu 9 na 9 tungepata 2 badala ya 18, pungufu ya 16 ileile.

Basi kanuni ya biti nane, kumi na sita au zaidi ni hii: M inakwenda kwenye mageti yote ya XOR, lakini inaingia kwenye C0 moja tu, ile ya chipu ya chini kabisa. Kila chipu nyingine inapokea C4 ya jirani yake. Tunaongeza moja mara moja tu kwenye namba nzima. Ukiiongeza kwenye kila chipu, umeongeza 1 na 16 na 256.

Tangu siku ile nina jaribio langu la kwanza, nalo ni 0 kutoa 1. Kwenye biti nane jibu ni taa zote nane kuwaka na C4 ya mwisho kuzimika. Bodi yetu ile ingewasha nne za chini tu na kuacha nne za juu gizani. Wengine hupenda 0 kutoa 0, na lina faida yake: mbebo unaingia C0 na kupita biti zote hadi mwisho, kwa hiyo C0 iliyofungwa ardhini itaonekana papo hapo. Lakini bodi yetu ingelipita jaribio hilo bila shida, kwa sababu kila chipu ingejitengenezea sifuri yake. Na wote wanaojaribu A kutoa A hawatagundua kama mageti ya XOR yamewekwa kwenye A badala ya B. Bodi ya namna hiyo inahesabu B kutoa A, na 5 kutoa 5 ni sifuri upande wowote. 7 kutoa 5 ikikupa 1110, umegeuza pande.

Swali lililoletwa kwangu kabla ya kuingia ukumbini linahusu namba zenye alama. Tukisoma biti nne kama namba kuanzia hasi 8 hadi 7, 5 na 4 zinatupa 1001, ambayo ni hasi 7. C4 ni 0, haisemi chochote. Tutajuaje kwamba jibu limefurika? Kanuni inayojulikana ni kulinganisha mbebo unaoingia biti ya mwisho na mbebo unaotoka humo. Vikitofautiana, jibu limefurika. Taabu ni kwamba 74LS283 haiutoi nje mbebo ule wa kuingia biti ya mwisho. Umejificha ndani.

Lakini unaweza kuupata. Biti ya mwisho ya jibu ni XOR ya vitu vitatu: biti ya A, biti ya B iliyopita getini, na mbebo ulioingia. Ukifanya XOR ya jibu na zile biti mbili, zinafutana na mbebo unabaki mkononi mwako. Kisha XOR hiyo na C4. Mageti matatu, yanatosha kwenye 74LS86 moja. Angalizo moja tu: biti ya B ichukuliwe baada ya geti lake, yaani mguu wa 11 wa 74LS283, isiwe kwenye swichi. Ukiichukua kwenye swichi, taa ya kufurika itasema kweli unapojumlisha na kudanganya unapotoa. Jaribuni na 5 kutoa hasi 4. Hasi 4 ni 1100, ikigeuzwa 0011, jumlisha 5 jumlisha 1, tunapata 1001. Mbebo ulioingia biti ya mwisho ni 1, uliotoka ni 0. Vimetofautiana, taa iwake, kwani 9 haimo kwenye namba zetu.

Sasa turudi kwenye bodi yangu. 8 na 1 ilisema 11, imezidi mbili. 8 na 2 ilisema 8, imepungua mbili. Kutoa kote sahihi.

Kosa ni la 2. Si la moja, basi si C0. Chipu ya kujumlisha ni moja, hakuna 16 ya kuangalia. 2 ni thamani ya biti ya pili. Tena tazameni alama: B ilipokuwa 1, yaani 0001, biti yake ya pili ni 0, na jibu lilizidi. B ilipokuwa 2, yaani 0010, biti yake ya pili ni 1, na jibu lilipungua. Maana yake pale palipopaswa kupita 0 ilipita 1, na palipopaswa kupita 1 ilipita 0. Biti ya pili inageuzwa wakati haitakiwi kugeuzwa. Na tunapotoa, inapotakiwa kugeuzwa, inageuzwa sawasawa. Geti lile linaona M ni 1 siku zote.

Kijana pale nyuma amesema liko hewani. Ndivyo. Ni LS, na kiingilio cha hewani ni 1. Geti la biti ya pili nimeliweka kwenye miguu ya 4, 5 na 6 ya 74LS86: B inaingia 4, M inaingia 5, jibu linatoka 6 kwenda mguu wa 2 wa 74LS283. Njoo, dada uliyeketi mbele, tazama mguu wa 5. Waya wa kijani umechomekwa safu moja pembeni yake. Ukiwa mbali unaonekana umeingia.

Uchomoe, uusogeze tundu moja kulia. Sasa weka A 8, B 1, M 0. Wasomee wenzako taa: 1001. Weka B 2: 1010.

Karibuni mezani, kuna bodi nyingine sita pale, kila moja ina waya wake mmoja.